Kesho utapata uniti ngapi? Kusoma mawingu, joto na upepo kwa mwenye sola na mtambo wa upepo Dodoma

Paneli iliyoandikwa wati 450 mgongoni haitoi wati 450 ukiifunga juu ya bati Dodoma, labda kwa dakika chache. Mtambo wa upepo ulioandikwa wati 1,000 unaweza kushinda siku nzima ukitoa wati 70. Hakuna aliyekuibia. Namba hizo zilipimwa katika hali maalumu. Paneli hupimwa kwa jua la wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, huku seli zenyewe zikiwa na nyuzi joto 25. Mitambo midogo ya upepo mingi huandikwa kwa upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde, upepo ambao ukivuma mjini watu wanashika kofia na mabati yanapiga kelele.

Kwa hiyo swali la kumsaidia mwenye mfumo si "nina wati ngapi?" Swali ni "kesho nitapata uniti ngapi, na saa ngapi?" Linajibika jioni ya leo, kwa utabiri wa hali ya hewa na kikokotoo cha simu. Nitalijibu kwa mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi uamuzi.

Mji wa mfano

Tuchukue mji wa familia moja ulio nje kidogo ya Chamwino, mbali na nguzo za umeme. Una kisima kirefu, simtanki ya lita 10,000, na majirani wanakuja na ndoo kununua maji. Pampu inakula wati 1,100 na inatoa lita 2,200 hivi kwa saa. Maji yanayotoka kwa siku ni lita 8,000, yaani saa tatu na nusu na ushee za kupampu, ambazo ni uniti 4. Nyumbani kuna friza, taa, televisheni na chaji za simu: uniti 5 kwa siku, 2 zikiliwa mchana na 3 usiku. Jumla mahitaji ni uniti 9.

Umeme unatoka kwenye paneli sita za wati 450, yaani kilowati 2.7, na mtambo wa upepo ambao duara la mapanga yake lina kipenyo cha mita 3, uliofungwa kwenye mnara wa mita 12. Betri ni ya lithiamu, uniti 5, ila zinazotumika bila kuiumiza ni 4. Badilisha namba hizi kwa zako, njia haibadiliki.

Hatua ya kwanza: pata utabiri wenye namba

Utabiri wa redioni wa "mawingu kiasi na vipindi vya jua" ni wa kweli, lakini huwezi kuuzidisha kwa kitu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, usiache kuwasikiliza, hasa tahadhari za mvua kubwa na upepo mkali, maana wao ndio wanaoijua nchi hii. Kwa hesabu ya uniti unahitaji vitu vitatu kwa kila saa: mionzi ya jua, joto na kasi ya upepo. Vinapatikana bure mtandaoni. Bandika mstari huu kwenye kivinjari cha simu, na ubadilishe latitudo na longitudo ziwe za mahali pako:

```
https://api.open-meteo.com/v1/forecast?latitude=-6.17&longitude=35.74&daily=shortwave_radiation_sum&hourly=shortwave_radiation,temperature_2m,wind_speed_10m,wind_gusts_10m&wind_speed_unit=ms&timezone=Africa/Dar_es_Salaam&forecast_days=3
```

Mstari huo una sehemu mbili ambazo ukizisahau utapotea kimyakimya. Bila `timezone`, saa zitakuja za Greenwich na kila kitu kitakuwa nyuma kwa saa tatu: utaona jua linafika kilele saa tatu asubuhi. Bila `wind_speed_unit=ms`, upepo utakuja kwa kilomita kwa saa, nawe utaona 18 ukidhani ni dhoruba, kumbe ni mita 5 tu kwa sekunde. Kumbuka pia kwamba 13:00 kwenye orodha ni saa saba mchana.

Namba ya `shortwave_radiation_sum` ni jumla ya jua la siku nzima, ila imeandikwa kwa megajuli. Igawe kwa 3.6 upate uniti kwa kila mita ya mraba. Ikiandikwa 23.8, basi 23.8 ÷ 3.6 = 6.6. Namba hiyo ya 6.6 ndiyo tutakayoishi nayo.

Hatua ya pili: soma mionzi, usisome asilimia ya mawingu

Watu wengi hufungua programu ya hali ya hewa, wanaona "mawingu asilimia 90", wanakata tamaa. Asilimia hiyo inakuambia anga limefunikwa kiasi gani. Haikuambii limefunikwa na nini. Mawingu membamba ya juu kabisa, yale kama nyuzi za pamba, yanaweza kufunika anga lote na bado paneli zikatoa sehemu kubwa ya uwezo wake; kivuli chako ardhini bado kinaonekana. Wingu zito jeusi la mvua likikaa juu ya mji, paneli zinaweza kushuka hadi moja ya kumi ya mchana wa jua kali, ingawa asilimia ya mawingu ni ile ile. Mionzi imeshahesabu unene wa wingu, kwa hiyo ndiyo inayosema ukweli.

Sasa hesabu ni fupi. Jua la siku × kilowati za paneli = uniti kabla ya kupunguza. Siku ya Oktoba yenye 6.6: 6.6 × 2.7 = 17.8. Siku ya Januari yenye mawingu mazito, ambayo utabiri wake ni 2.6: 2.6 × 2.7 = 7.0. Tayari unaona pengo.

Jumla ya siku haikuonyeshi kitu kimoja ambacho Dodoma ni muhimu sana wakati wa mvua. Mawingu yetu ya mvua, kati ya Desemba na Machi, mara nyingi hayaanzi asubuhi. Asubuhi anga ni safi, ardhi inapata joto, hewa yenye unyevu inapanda, na kuanzia saa saba au saa nane mchana vilima vya mawingu vinasimama. Siku yenye jua la 4.5 inaweza kuwa siku ya jua zuri hadi saa sita na giza baadaye. Ukipanga kupampu saa tisa kama ulivyozoea kiangazi, umepanga kupampu kwenye wingu. Kwenye miezi hiyo pampu iwashwe saa tatu asubuhi, na betri ijazwe sambamba nayo.

Siku za mawingu ya vipande zina usumbufu wa aina yake. Paneli zinapanda na kushuka ndani ya sekunde chache kila wingu linapopita. Pampu iliyofungwa moja kwa moja na paneli bila betri itawaka na kuzima mara nyingi, na kila kuwaka ni mzigo kwa mota. Ukiona hivyo, punguza kasi ya pampu kwenye kidhibiti chake ili ihitaji wati kidogo, au usubiri. Cha kushangaza, wingu jeupe linapokaribia jua bila kulifunika, ukingo wake unaakisi mwanga wa ziada na paneli zinaweza kutoa zaidi ya zilichoandikwa kwa muda mfupi. Ndiyo maana chaji kontrola isichaguliwe kwa kubana. Iache nafasi juu.

Hatua ya tatu: toa joto

Wengi wanaamini joto la Dodoma ni rafiki wa sola. Mwanga ndiyo rafiki. Joto linapunguza umeme, kwa sababu volti za seli hushuka kadiri seli inavyopata moto. Paneli nyingi za sasa hupoteza asilimia 0.35 hivi kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Tazama karatasi ya paneli yako. Namba hiyo imeandikwa na alama ya kutoa mbele yake.

Joto linalohesabiwa ni la seli, si la hewa. Seli iliyo juani ina joto kuliko kivuli unachokaa wewe. Kuna kanuni inayotumika sana kwa paneli zilizo wazi kwa hewa:

```
T_paneli = T_hewa + G / (25 + 6.84 × v)
```

G ni mionzi kwa wati kwa mita ya mraba, na v ni kasi ya upepo unaopita kwenye paneli kwa mita kwa sekunde. Weka mchana wa Oktoba: hewa nyuzi 30, mionzi 950. Upepo ukiwa mita 1 tu, paneli inafika nyuzi 60 hivi, yaani 35 juu ya kipimo, na hasara ni asilimia 12. Upepo ukiwa mita 5, paneli inakaa nyuzi 46, hasara asilimia 7. Upepo umekurudishia asilimia 5 ya umeme wa sola bila hata mtambo wa upepo kuguswa.

Faida hiyo inapatikana tu kama hewa inapita chini ya paneli. Paneli iliyolazwa kwenye bati bila nafasi inapikwa pande zote mbili. Mwambie fundi ainue reli ili mkono wako uingie chini ya paneli bila kubana. Hapa sitaki ubishi na mtu. Sentimita 10 hadi 15 za hewa ni nafuu kuliko paneli ya saba.

Huna haja ya kupiga kanuni hiyo kila saa. Kwa siku nzima tumia vizidishi hivi: siku ya jua kali na hewa tulivu 0.90, siku ya jua na upepo mzuri 0.94, siku ya mawingu 0.95. Kisha toa hasara nyingine, yaani vumbi la kawaida, nyaya, chaji kontrola, inveta na betri, kwa kuzidisha tena kwa 0.85.

Oktoba yenye upepo: 17.8 × 0.94 × 0.85 = uniti 14.2. Januari ya mawingu: 7.0 × 0.95 × 0.85 = uniti 5.7.

Kabla hatujaacha joto, kuna upande wake wa baridi ambao umeshaua chaji kontrola nyingi. Volti zikishuka kwa joto, basi zinapanda kwa baridi. Chukua paneli yenye volti 49.5 ikiwa haijaunganishwa na mzigo. Fundi anaunganisha tatu kwa mfuatano: 148.5. Chaji kontrola inaruhusu 150. Anapiga mahesabu, anaona imekaa. Halafu inafika Julai, asubuhi Dodoma ina nyuzi 12 au 13, jua linachomoza na kugonga paneli zilizopoa usiku kucha. Kwa asilimia 0.27 kwa kila nyuzi chini ya 25, kila paneli inafika volti 51.2, na tatu zinafika 153.7. Kontrola inaungua asubuhi ya baridi, na mwenye nyumba anabaki akisema ni radi. Paneli zetu sita ziunganishwe mbili mbili kwa mfuatano, kisha hizo jozi tatu kwa usambamba, na hatari inaisha.

Hatua ya nne: upepo, saa kwa saa

Nguvu ya upepo inakwenda na kasi yake ikizidishwa yenyewe mara tatu. Upepo ukipanda kutoka mita 4 hadi 8 kwa sekunde, nguvu haizidi mara mbili, inazidi mara nane. Hilo ndilo jambo moja la kushika kwenye sehemu hii. Mengine yote yanatoka humo.

Hewa ya Dodoma pia ni nyepesi. Mji wa Dodoma uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye nyuzi 25 mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, wakati vipeperushi vya mitambo hukadiria 1.225 ya pwani kwenye nyuzi 15. Tayari umepoteza asilimia 16 hivi kabla panga halijazunguka. Ukichukua duara la mapanga ya mita 3, hewa yetu, na mtambo mdogo unaovuna asilimia 30 ya nguvu ya upepo, vyote vinajikusanya kwenye kanuni moja rahisi:

```
wati = 1.1 × v × v × v
```

Hakuna mtambo unaoweza kuvuna zaidi ya asilimia 59.3, kikomo hicho alikionyesha mwanafizikia Mjerumani Albert Betz zaidi ya miaka 100 iliyopita. Muuzaji akikuambia wa kwake unavuna asilimia 70, funga mazungumzo.

Upepo wa mita 3: wati 30 kwa karatasi, sifuri kwa vitendo, kwa sababu mtambo unahitaji mita 3 hivi kuanza tu kuzunguka na volti zake hazijafika kuchaji betri. Mita 5: wati 137. Mita 7: wati 377. Mita 8: wati 563.

Sasa siku yetu ya Oktoba. Utabiri unasema kwa muda wa saa 8 mchana na alasiri upepo ni mita 7, kwa muda wa saa 6 jioni ni mita 5, na kwa muda wa saa 10 usiku na alfajiri ni mita 3. Saa 8 × 377 ni uniti 3.0. Saa 6 × 137 ni uniti 0.8. Usiku sifuri. Jumla 3.8. Ungechukua wastani wa siku, yaani mita 4.8, ukaupigia hesabu mara moja, ungepata uniti 2.9 tu. Wastani unadanganya kwa sababu saa chache za upepo mkali ndizo zinazobeba mzigo wote. Ndiyo maana nasisitiza saa kwa saa.

Kosa dogo la utabiri nalo linakua. Utabiri ukisema mita 7 na ukavuma 6.3, kosa la asilimia 10 tu, umeme unashuka kutoka 377 hadi 275, yaani zaidi ya robo. Utabiri wa sola hauna ukali huo: ukikosea mionzi kwa asilimia 10, unakosea uniti kwa asilimia 10.

Kumbuka pia `wind_speed_10m` ni upepo wa mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi. Kama mnara wako umezungukwa na mibuyu, miarobaini au nyumba zinazokaribia urefu wake, upepo unaokufikia ni mdogo na umevurugika. Mapanga yawe mita kadhaa juu ya kila kitu kilicho karibu. Mtambo uliofungwa kwenye paa la nyumba kwa nguzo fupi haufai. Unatikisa ukuta na hauvuni.

Ukweli usiopendeza kuhusu upepo wetu

Weka namba mbili pamoja. Oktoba: sola 14.2, upepo 3.8, jumla 18, mahitaji 9. Januari ya mawingu: sola 5.7, upepo wa mita 3 siku nzima, yaani sifuri, jumla 5.7, mahitaji yale yale 9.

Mtambo wa upepo ulitoa vizuri siku ambayo sola peke yake ingetosha na kubaki, na ukanyamaza siku uliyouhitaji. Hiyo si bahati mbaya ya siku moja. Katikati ya Tanzania upepo wa kusini mashariki hukaza wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, majira ambayo anga nalo ni safi. Wakati wa mvua mawingu yanakuja na upepo wa kawaida unalegea. Upepo mkali unaotangulia mvua ya radi hauhesabiki: unadumu dakika chache, unabadilisha mwelekeo ghafla, na ndio unaovunja mapanga.

Faida halisi ya mtambo kwenye mfano wetu ni zile uniti 0.8 za jioni, baada ya jua kuzama, zinazoipunguzia betri kazi. Ni kitu, ila kwa bei ya mnara na mtambo, kwa mji wa ukubwa huu mimi ningeongeza paneli mbili na simtanki ya pili kwanza. Singida nako, kwenye miinuko iliyo wazi ambako upepo unasifika, hesabu inaweza kuwa tofauti. Pima upepo wako kwa kipima upepo kilichofungwa kwenye urefu wa mnara, angalau kuanzia Desemba hadi Machi, kabla hujatoa hela.

Hatua ya tano: uamuzi wa jioni

Ni jioni ya Januari. Umeangalia utabiri: kesho jua 6.0, keshokutwa 2.6 na mawingu tangu asubuhi.

Kesho: 6.0 × 2.7 × 0.90 × 0.85 = uniti 12.4. Mahitaji 9. Ziada 3.4.

Keshokutwa: uniti 5.7. Betri itaamka na uniti 1, maana itakuwa imejaa 4 na usiku umekula 3. Una 6.7 mkononi. Ukiendelea kama kawaida, mchana nyumba inakula 2 na pampu 4, jioni unabaki na 0.7 wakati usiku unahitaji 3. Friza itazima kabla ya usiku wa manane, na ukiamka utakuta samaki wamelainika na maji yametiririka sakafuni.

Hiyo ziada ya kesho ipeleke wapi? Betri tayari itajaa, haiwezi kubeba zaidi. Tangi linaweza. Kesho pampu saa mbili zaidi, uniti 2.2, lita 4,400 za ziada zikae juu. Hakikisha jioni ya leo tangi lina nafasi, vinginevyo maji yatamwagika na umeme utakuwa umepotea. Keshokutwa zinabaki lita 3,600 za kupampu, saa 1.6, uniti 1.8. Hesabu mpya: 6.7 toa 2 toa 1.8 ni 2.9. Usiku unahitaji 3. Inatosha kwa kubana. Zima televisheni mapema na friza inafika asubuhi.

Hakuna kilichonunuliwa. Utabiri ulijulikana siku moja mapema, na kazi ikahamishwa kutoka siku ya mawingu kwenda siku ya jua. Maji kwenye tangi ni umeme uliohifadhiwa bila betri; barafu kwenye friza nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo kesho mchana pia weka chupa za maji zigande na uzipange kati ya samaki.

Wanaoendesha gridi ya taifa wanafanya uamuzi huu huu kwa ukubwa wao. Shamba la sola linapofunikwa na wingu, megawati zinashuka ndani ya dakika, na mtu lazima afungulie maji mahali fulani. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na mitambo ya maji huitikia haraka. Lakini mtambo lazima uwe tayari unazunguka kabla ya wingu kufika, na maji yaliyotumika leo bila sababu hayatakuwepo kiangazi. Utabiri unawaambia waweke akiba kiasi gani na kwa saa zipi.

Upande wa mtambo wa upepo, uamuzi wa jioni ni mmoja: angalia `wind_gusts_10m` na tahadhari za TMA. Ikitabiriwa dhoruba yenye mapigo yanayozidi kasi ambayo mtengenezaji ameruhusu, funga breki mapema wakati upepo ungali mdogo. Breki ya umeme ikiwekwa mapanga yakiwa kwenye kasi kubwa inaweza kuunguza koili. Na usiwahi kuukata mtambo kutoka kwenye betri ukiwa unazunguka. Bila mzigo mapanga hukimbia kupita kiasi. Betri ikijaa, kontrola yake inapaswa kumwaga umeme wa ziada kwenye hita. Kama yako haina hita hiyo, irekebishwe wiki hii.

Hatua ya sita: daftari

Kila jioni andika namba tatu: jua lililotabiriwa, uniti ulizotarajia, na uniti ambazo kontrola au inveta inaonyesha zimeingia. Gawanya zilizoingia kwa zilizotarajiwa. Soma namba hiyo siku za jua tu kwanza, na siku ambazo betri haikujaa mapema, kwa sababu betri ikijaa saa tano paneli zinazuiwa na kontrola na utadhani zimechoka.

Ikiwa siku za jua zinakupa 0.95 kila mara, badilisha kile kizidishi cha 0.85 kiwe 0.81 na uendelee. Huo ndio mfumo wako. Ikiwa namba inateremka polepole kuanzia Juni hadi Septemba, ni vumbi. Osha alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, kwa maji safi na kitambaa laini bila sabuni ya unga. Ikiwa imeanguka ghafla kutoka 0.95 hadi 0.63 na kukaa hapo, umepoteza theluthi moja hasa, yaani jozi moja kati ya tatu: tafuta fyuzi iliyoungua au kiunganishi kilicholegea au kutafunwa na panya.

Siku za mawingu za Januari na Februari zitakuwa na namba zinazorukaruka: leo 0.6, kesho 1.4. Hapo mfumo hauna kosa. Utabiri hutazama eneo la kilomita kadhaa kwa pamoja, na mvua ya radi inaweza kunyesha Hombolo huku Chamwino kukiwa kukavu. Utabiri unajua mchana utakuwa na mawingu ya mvua, haujui yatasimama juu ya paa la nani. Usitafute namba moja kwa siku hizo. Piga hesabu mbili, moja ikiwa jua litakuwa theluthi moja chini ya utabiri na nyingine theluthi moja juu, na uamue kwa ile ya chini. Kiangazi, ambapo anga linatabirika, amua kwa namba yenyewe. Utabiri wa siku mbili mbele utumie kupanga tangi na friza. Wa siku tano utumie tu kujua kama wiki inaharibika, ili usije ukaahidi maji ya harusi ya jirani kwenye siku tatu za giza.